Hongereni, Wagonga Nyundo

Mwaka 2023 Mbeya City ilishuka daraja baada ya kufungwa na Mashujaa ya Kigoma katika mechi za mchujo. Mwaka 2025 imerejea Ligi Kuu, ikimaliza ya pili Ligi ya Championship nyuma ya Mtibwa Sugar. Kama mdhamini mdogo wa hapa Mbeya, nawapongeza wachezaji, makocha na mashabiki kwa moyo wote.

Nafasi ya pili ina uzito wake. Timu mbili za juu hupanda moja kwa moja. Ya tatu na ya nne hulazimika kupitia mchujo, ule ule uliotuumiza. Safari hii hatukuufikia, na sifa hiyo ni ya vijana waliokusanya pointi hata ugenini, kwenye viwanja vibovu.

Mashabiki, nanyi hongereni. Mlivaa zambarau Sokoine hata timu ilipokuwa chini, na kiingilio chenu kilisaidia kuiendesha klabu.

Sasa kuna mechi 30, na 15 kati yake ni za ugenini. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam pekee ni zaidi ya kilomita 800, na kila safari inadai basi, malazi na chakula cha kikosi kizima. Wafanyabiashara wenzangu, tuchangie mapema, kabla ya usajili kufungwa. Msimu wa 2013/14, mara tu ilipopanda, timu hii ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga.