Kabla ya Kukubali Kazi Kataboi, Kitembelee Kituo Siku Moja

Muuguzi anayepokea barua ya ajira akiwa Lodwar kwa kawaida huangalia mshahara kwanza. Lakini kama amepangiwa zahanati ya upande wa Kataboi, kando ya Ziwa Turkana, mengi yatakayomhusu hayamo kwenye barua. Siku moja ya kukitembelea kituo huonyesha sehemu kubwa ya hayo.

Amwombe ruhusa msimamizi wa kituo mapema, na afike kama mgeni. Asimdunge mtu sindano wala kufungua faili za wagonjwa, kwa kuwa bado si mtumishi wa hapo.

Cha kutazama kwanza ni friji ya chanjo. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na vipimo huandikwa asubuhi na jioni kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na friji. Karatasi hiyo husema mengi kuliko maelezo ya mdomo. Ikiwa Jumamosi na Jumapili hazijajazwa, huenda muuguzi ni mmoja tu na akisafiri hakuna wa kumshikia zamu. Nambari ikiwa ile ile mwezi mzima, kwa wino mmoja, yaelekea ilijazwa kwa mkupuo, tena hapa Turkana ambako joto la mchana na la usiku hutofautiana.

Kisha aulize ni nani huitwa mama anapojifungua saa nane usiku. Kama jibu ni mtu mmoja kila siku, hiyo ndiyo kazi anayopewa, hata kama barua inataja saa za mchana pekee. Aulize pia gari la rufaa hutoka wapi, na lilichukua muda gani mara ya mwisho.

Maji nayo. Ya ziwa yana chumvi na madini ya floridi, hayafai kunywewa kila siku. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kutosha kazini, na nyumba au posho ya nyumba. Basi aione nyumba yenyewe, afungue bomba, na ajue mtungi wa maji unauzwa pesa ngapi bomba likikauka. Ni vyema abaki hadi jioni ili aone kama taa za sola zinawaka na kama simu inashika mtandao.

Ziara ya kiangazi haionyeshi kila kitu. Mvua ikinyesha, laga hujaa na barabara hukatika, kwa hivyo awaulize wenyeji, hasa wenye bodaboda, walikwama siku ngapi msimu uliopita.

Akirudi Lodwar, yale aliyoahidiwa kwa mdomo ayaombe kwa maandishi kabla ya kutia sahihi: kituo atakachofanyia kazi, nyumba, na zamu za usiku. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na mahali pa kazi patajwe ndani yake.