Seva zinapokataa watumiaji, kagua DNS na saa kabla ya kubadilisha nywila

KIBOKO ni kituo kilicho kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kati ya Emali na Makindu, katika Kaunti ya Makueni. Ofisi iliyo mahali kama hapo, mbali na miji mikubwa, huenda ikalazimika kumngoja fundi wa kompyuta kwa saa kadhaa kila hitilafu inapotokea. Mojawapo ya hitilafu zinazopoteza muda mwingi ni ile ambapo watumiaji wa Windows wanaandika majina na nywila zilizo sahihi, lakini seva zinawakataa.

Jambo ambalo wengi hulikimbilia ni kubadilisha nywila, au kuitoa kompyuta katika domeni na kuirudisha. Mara nyingi nywila haina kosa lolote. Kosa huwa katika mojawapo ya mambo mawili: ama kompyuta haiwezi kuipata seva kuu ya domeni kwa jina, ama saa ya seva hiyo haipatani na saa za seva nyingine.

Chukua mfano wa ofisi ya kubuni yenye seva mbili. SEVA1, yenye anwani 192.168.1.10, ndiyo seva kuu inayotunza majina na nywila za domeni iitwayo duka.local. SEVA2 huhifadhi hesabu. Umeme umekatika Jumamosi, na betri ya akiba ikaisha nguvu. Jumatatu asubuhi umeme umerudi na seva zimewaka. Wafanyakazi wanaingia katika kompyuta zao za mezani bila tatizo, ila kila anayefungua hesabu kwenye SEVA2 anakataliwa.

Kule kuingia katika kompyuta ya mezani kusimdanganye mtu. Kwa kawaida Windows huhifadhi kumbukumbu ya watumiaji 10 wa mwisho walioingia, ili waweze kuitumia kompyuta hata seva kuu isipopatikana. Kwa hiyo mafanikio hayo si ushahidi kwamba seva kuu ni nzima.

Hatua ya kwanza ni kukagua majina. Kompyuta iliyo ndani ya domeni haikariri anwani ya seva kuu. Huuliza huduma ya DNS rekodi maalumu inayotaja seva zinazosimamia domeni hiyo. Kwenye SEVA2 fundi anaandika:

```
ipconfig /all
nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.duka.local
nltest /dsgetdc:duka.local
```

Amri ya kwanza inaonyesha ni DNS ipi inayoulizwa. Ya pili inapaswa kujibu kwa kutaja SEVA1, na ya tatu inathibitisha kwamba seva hiyo inafikika. Ikiwa jibu ni kwamba jina halipo, basi swali limepelekwa mahali pasipostahili.

Kosa la kawaida hapa ni kuweka 8.8.8.8 kama DNS ya pili kwa nia ya kuhakikisha intaneti haikatiki. Hiyo ni huduma ya umma ya Google, nayo haijui lolote kuhusu duka.local. SEVA1 ikichelewa kujibu hata kwa sekunde chache, Windows huihamia hiyo ya pili, huambiwa kwamba jina halipo, nayo hulikubali jibu hilo bila kurudi kuuliza kwingine. Ndiyo sababu hitilafu ya namna hii huja na kutoweka. Tiba yake ni kuziwekea kompyuta zote za domeni 192.168.1.10 peke yake, kisha kuiagiza huduma ya DNS ya SEVA1 yenyewe ipeleke nje maswali ya intaneti. Anayetaka akiba aongeze seva kuu ya pili ya domeni, si anwani ya nje.

Katika mfano huu, DNS imejibu sawasawa. Hatua ya pili basi ni saa. Kwenye SEVA2 fundi anapima tofauti kati yake na seva kuu:

```
w32tm /stripchart /computer:SEVA1 /samples:5 /dataonly
```

Tofauti inayotokea si ya sekunde bali ya miaka. SEVA1 inaamini kwamba ni Januari 2019. Betri ndogo iliyo kwenye bodi yake kuu, ambayo hutunza saa umeme unapokosekana, imekufa.

Kwa nini saa izuie watu kuingia? Windows hutumia utaratibu uitwao Kerberos. Seva kuu ikishamtambua mtumiaji, humpa tiketi yenye saa ya kuanza na saa ya kuisha, kwa kawaida saa 10 baadaye. Mtumiaji huionyesha tiketi hiyo kwa SEVA2. Tofauti ya saa inayovumiliwa kwa kawaida ni dakika 5 tu, ili mtu aliyenasa mawasiliano ya jana asiyatumie leo. SEVA2 inapoiona tiketi iliyotolewa 2019, kwake hiyo imeisha zamani.

Iko dalili moja inayosaidia kutambua hali hii. Folda ya SEVA2 ikikataa kufunguka kwa jina, \\SEVA2, lakini ikafunguka kwa anwani yake ya tarakimu, yamkini kasoro iko katika Kerberos, kwa kuwa Windows ikipewa anwani ya tarakimu kwa kawaida hutumia utaratibu wa zamani zaidi uitwao NTLM.

Hatari iliyopo ni kungoja. Kompyuta na seva za kawaida katika domeni hufuata saa ya seva kuu, na kwa kawaida hazina kikomo cha masahihisho. Baada ya muda SEVA2 nayo yaweza kurudi 2019. Hapo watu wataanza kuingia tena, kwani Kerberos hudai saa zipatane, si lazima ziwe za kweli. Lakini hesabu zote zitaandikwa tarehe za uongo.

Kwa hiyo anayetibiwa ni SEVA1. Penye seva kuu kadhaa, amri `netdom query fsmo` hutaja ile yenye wadhifa wa PDC, ambayo ndiyo kilele cha saa za domeni. Kwanza fundi anakagua kwamba ukanda wa saa ni wa Nairobi, yaani saa 3 mbele ya UTC, kwa sababu Kerberos hutumia UTC. Anayesogeza mishale huku ukanda ukiwa wa nchi nyingine huona saa sahihi kwenye kioo, ilhali ndani imepotoka. Kisha anaweka tarehe kwa mkono, kwa kuwa seva kuu kwa kawaida hukataa sahihisho linalozidi saa 48. Ndipo anapoandika:

```
w32tm /config /manualpeerlist:"0.africa.pool.ntp.org 1.africa.pool.ntp.org" /syncfromflags:manual /reliable:yes /update
w32tm /resync
w32tm /query /source
```

Amri ya mwisho ikijibu `Local CMOS Clock`, seva bado inategemea saa yake yenyewe. Huenda ruta imezuia mlango wa UDP 123. Mwishowe betri ya bodi inabadilishwa, na watumiaji wanatoka na kuingia upya ili wapate tiketi mpya.

Hata chanzo kinachoheshimika chaweza kukosea. Novemba 19, 2012, seva mbili za saa za Kituo cha Unajimu cha Jeshi la Wanamaji la Marekani zilitangaza kwa takriban saa moja kwamba ulikuwa mwaka 2000. Kwa Afrika Mashariki tayari ilikuwa usiku wa manane kuamkia Novemba 20. Seva kuu za Windows zilizozitegemea, katika nchi mbalimbali, zilirudi nyuma miaka 12 na watumiaji wakafungiwa nje. Tangu hapo ushauri wa mafundi umebaki ule ule: usitegemee chanzo kimoja cha saa, na usiache kikomo cha masahihisho wazi kwenye seva kuu.