Mishororo Inapogandana Simuni

Mjini Isiolo nimeona diwani ya PDF ikigeuzwa kuwa EPUB, ambamo maneno hujipanga upya kwa upana wa kioo cha simu. Kwa shairi, msomaji, hapo ndipo penye balaa. PDF haijui beti. Yajua tu mahali pa kila herufi. Basi Calibre huunganisha mistari mirefu isiyokoma kwa nukta, ikidhani ni nathari iliyokatwa. Mishororo yenye mkato mwishoni hugandana, yenye nukta husalimika. Kipimo chake cha kawaida ni 0.45, kipandishe:

```
ebook-convert diwani.pdf diwani.epub --unwrap-factor 1
```

Mshororo mrefu kupita yote waweza kugandana bado, kwa hiyo kagua kila ubeti. Utao ukishuka chini ya ukwapi, hilo si neno. Kina chasikika vile vile.