Sifuri ya Mwanzo Isipotee: Kukagua Namba za Simu Ndani ya Excel

Andika 0712345678 kwenye seli ya Excel ambayo haijaandaliwa, bonyeza Enter, na utaona 712345678. Sifuri imeondoka. Kwa Excel, ulichoandika ni kiasi, kama shilingi au kilo, na sifuri iliyo mbele ya kiasi haina thamani yoyote. Namba ya simu, hata hivyo, haijumlishwi wala haitafutiwi wastani. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na tarakimu moja ikipungua, jina limekuwa la mtu mwingine au halina mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mhazini wa kikoba anayejiandaa kugawa fedha za mwisho wa mzunguko kwa njia ya simu. Ana wanachama 30, majina yako safu A, namba za simu ziko safu B kuanzia seli B2 hadi B31. Anataka mambo mawili: sifuri zibaki, na namba yoyote isiyo na tarakimu 10 kamili ikataliwe kabla fedha hazijatumwa.

La kwanza hufanywa kabla ya kuandika chochote. Chagua B2:B31, fungua Format Cells, chagua Text. Kuanzia hapo kila kinachoandikwa hubaki kama kilivyoandikwa. Wengi hutumia njia nyingine, ya kuweka muundo wa 0000000000 ili Excel ionyeshe sifuri. Siishauri. Muundo huo hubadilisha sura tu: ndani ya seli bado kuna 712345678, na ukinakili safu hiyo kwenda kwenye hesabu au programu nyingine, sifuri inaweza kupotea tena.

Sasa ukaguzi wenyewe. Wazo la haraka ni kuuliza kama maandishi yana urefu wa 10 na kama yanageuka kuwa namba. Hapo ndipo makosa hupenya. Excel ni mwepesi mno wa kuona namba. Ukiipa maandishi +712345678, inayakubali, na urefu wake ni 10. Ukiipa 0712345.78, inayakubali pia. Hata tarehe kama 12/10/2024, ambayo nayo ina alama 10, hugeuzwa kuwa namba bila pingamizi. Kwa hiyo hatuwezi kuliuliza neno zima swali moja. Inabidi tuulize alama mojamoja: wewe ni tarakimu au si tarakimu?

Kazi hiyo hufanywa na fomula hii, ambayo mhazini anaiweka kwanza kwenye C2:

```
=SUMPRODUCT(--ISNUMBER(FIND(MID(B2,ROW($1:$10),1),"0123456789")))
```

Isome kutoka ndani. `ROW($1:$10)` hutoa orodha ya 1 hadi 10. `MID` hutumia orodha hiyo kuchukua alama ya kwanza, ya pili, hadi ya kumi. `FIND` huitafuta kila alama ndani ya 0123456789. Ikiipata hutoa nafasi yake, isipoipata hutoa kosa. `ISNUMBER` hugeuza majibu hayo kuwa ndiyo au hapana, na vistari viwili vya mbele hugeuza ndiyo kuwa 1 na hapana kuwa 0. Mwisho `SUMPRODUCT` hujumlisha. Imechaguliwa kwa sababu inapokea orodha nzima bila mbinu za ziada. Kwenye matoleo ya zamani ya Excel, `SUM` ya kawaida ingekutaka ubonyeze Ctrl+Shift+Enter, na anayesahau hupata jibu lisilo sahihi.

Kwa 0712345678 jibu ni 10. Kwa 07I2345678, ambapo mtu ameandika herufi I badala ya 1, jibu ni 9. Jicho lilipita, fomula haikupita.

Lakini jaribu 07123. Jibu ni 10! Alama ya sita hadi ya kumi hazipo, `MID` inatoa utupu, na `FIND` ikiambiwa itafute utupu husema imeupata nafasi ya kwanza. Ndiyo maana hesabu ya tarakimu haitoshi peke yake. Lazima iandamane na `LEN`, inayopima urefu. Kwa upande mwingine `LEN` hukamata jambo ambalo halionekani kabisa: nafasi iliyoshikana na namba iliyonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu. Unaona alama 10, `LEN` inasema 11.

Kuna mtego mwingine, nao huchelewa kujitokeza. Mhazini akiongeza mstari juu kabisa ili aweke jina la kikundi, Excel itabadilisha `$1:$10` kuwa `$2:$11` yenyewe. Fomula sasa inaanzia alama ya pili, na nafasi ya 11 ambayo ni tupu inaziba pengo. Jumla bado ni 10, ilhali alama ya kwanza haikaguliwi tena. Dawa yake ni kuiandika orodha hiyo kama maandishi ndani ya `INDIRECT`, maana maandishi hayasogezwi. Fomula kamili inakuwa hivi:

```
=AND(ISTEXT(B2),LEN(B2)=10,LEFT(B2,1)="0",
SUMPRODUCT(--ISNUMBER(FIND(MID(B2,
ROW(INDIRECT("1:10")),1),"0123456789")))=10)
```

`ISTEXT` inahakikisha seli ina maandishi, na `LEFT` inadai sifuri mbele. Ili Excel izuie kosa papo hapo, chagua B2:B31, nenda Data, kisha Data Validation, chagua Custom, na uibandike fomula hiyo ikiwa mstari mmoja. Andika pia ujumbe wa kosa kwa lugha ya mwandikaji: "Weka tarakimu 10, ukianza na 0, bila nafasi."

Kizuizi hiki kinalinda kinachochapwa kwa mkono tu. Namba zikibandikwa kutoka kwingine hupita bila kuulizwa, na mara nyingi hufuta hata kizuizi chenyewe. Kwa hiyo fomula ileile iwekwe pia kwenye safu C, iseme TRUE au FALSE kwa kila mwanachama. Ikiwa C inaonyesha fomula badala ya jibu, safu hiyo imerithi muundo wa Text. Irudishe General, kisha uingize fomula upya.

Na orodha ya zamani ambayo sifuri zimeshapotea? `=TEXT(B2,"0000000000")` huzirudisha, lakini kwa seli zenye tarakimu 9 tu. Namba ya tarakimu 8 imepoteza kitu kingine zaidi ya sifuri. Ukiijaza utapata 0071234567, ambayo itapita ukaguzi wote na bado si ya mtu. Hiyo aulizwe mwenyewe.

Kikoba kinachoandika pia namba za vitambulisho vya NIDA kitumie utaratibu huohuo kikibadilisha kila 10 kuwa 20 na kuondoa sharti la sifuri mbele, na namba ziandikwe bila vistari vilivyo kwenye kadi. Hapo muundo wa Text ni wa lazima zaidi, kwa sababu Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Tano za mwisho hugeuzwa sifuri, na kuiweka seli kuwa Text baadaye hakuzirudishi. Itabidi mwanachama aje tena na kadi yake.