Kebo za Data Ofisini: Urefu, Mapitio na Ubaridi wa Chumba cha Mawasiliano

Miongoni mwa mambo ambayo mtumiaji huyagundua akiwa amekwisha kulipa ni kebo za data zilizofichwa juu ya dari. Ofisi imepakwa rangi, meza zimepangwa, fundi amekabidhi kazi. Baada ya miezi michache kompyuta za upande mmoja wa jengo zinaanza kupoteza mtandao nyakati za mchana. Katika makala hii tunaeleza chanzo kimoja cha tatizo hilo, na namna ya kulibaini kabla ya malipo ya mwisho kutolewa.

Kiwango cha mita 100

Kebo ya shaba inayotoka katika swichi ya mtandao hadi kwenye kompyuta haipaswi kuzidi mita 100 kwa jumla. Jumla hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kebo ya kudumu, ile inayopita darini na ukutani kutoka paneli ya kabati hadi kwenye soketi ya ukutani. Hiyo isizidi mita 90. Mita 10 zinazobaki ni za kebo fupi za kuunganishia, kwenye kabati na kwenye meza ya mtumiaji. Kebo fupi hutengenezwa kwa nyaya laini ili zikunjike kwa urahisi, nazo hupoteza nguvu ya mawimbi zaidi kwa kila mita kuliko kebo ya kudumu. Kwa hiyo fundi anayekwambia kwamba mita 80 za kudumu na mita 20 za kebo fupi ni sawa, kwa kuwa jumla ni 100, hasemi kweli.

Ifahamike kwamba kebo iliyozidi kiwango haikatiki ghafla. Huenda ikafanya kazi siku ya makabidhiano, hasa asubuhi yenye ubaridi. Kinachopungua ni akiba ya nguvu ya mawimbi, na akiba hiyo ikiisha, mtandao huanza kurudia taarifa zilizopotea, hupunguza kasi au hukatika.

Urefu wa ramani na urefu wa kebo

Tuchukue mfano wa ofisi iliyo katika ghorofa ya mwisho, chini ya paa la bati. Chumba cha mawasiliano kiko pembeni mwa jengo. Mwenye ofisi anaweka rula kwenye ramani, anapata mita 57 hadi meza ya mbali kabisa, na anaridhika.

Lakini kebo haipiti hewani kama ndege. Hufuata trei iliyofungwa juu ya ukumbi, kisha hukata kona. Katika ofisi hii inakwenda mita 52 kwa urefu wa jengo na mita 24 kwa upana, jumla 76. Inapanda mita 3 kutoka kabatini hadi kwenye trei, inashuka mita 3 ndani ya ukuta hadi kwenye soketi, na mafundi huacha mita 4 za ziada kwenye ncha mbili kwa ajili ya matengenezo. Mita 57 za ramani zimekuwa mita 86 za kebo. Bado ziko chini ya 90, na kwa kebo fupi za mita 2 na mita 5, njia nzima ni mita 93.

Hapa ndipo joto linapoingia. Kiwango cha mita 90 kimewekwa kwa kebo iliyo katika nyuzi joto 20. Shaba inapopata joto, mawimbi hudhoofika zaidi. Kwa kebo ya kawaida isiyo na ngao ya chuma, nafasi ya darini ikifikia nyuzi joto 40, urefu wa kudumu unaofaa hushuka hadi takriban mita 84; katika nyuzi joto 60 hushuka hadi takriban mita 75. Chini ya bati saa nane mchana nyuzi joto 40 si jambo geni. Kebo yetu ya mita 86 imezidi kiwango kwa mita 2, nayo huzidi wakati uleule ambao watumishi wako kazini.

Suluhisho la bei nafuu hupatikana kabla ya ujenzi: chumba cha mawasiliano kiwekwe karibu na katikati ya ghorofa. Ikiwa haiwezekani, kabati dogo la pili huwekwa upande wa mbali na kuunganishwa na la kwanza kwa kebo ya faiba, ambayo haifungwi na kiwango cha mita 100.

Mapitio ya kebo

Trei, tranki au paipu isijazwe zaidi ya takriban asilimia 40 ya nafasi yake siku ya kwanza. Kebo zilizosongamana hubanwa, hukunjwa kupita kiasi kwenye kona, na hazipozi; kebo zinazopeleka umeme kwa kamera na simu za mezani huongezeana joto zikiwa katika fungu moja nene. Nyaya za umeme wa jengo zisilale pamoja na kebo za data katika nafasi moja. Ziwe na trei yake au zitenganishwe kwa kizuizi. Zinapolazimika kupishana, zipishane kwa pembe mraba.

Ubaridi wa chumba

Karibu umeme wote unaoingia katika vifaa vya chumba hiki hugeuka kuwa joto humo humo. Kabati la ofisi yetu lina swichi mbili, ruta, kinasa picha za kamera, seva moja na kifaa cha umeme wa akiba, vyote vikitumia wati 720. Wati moja ni sawa na BTU 3.41 kwa saa, hivyo joto lake ni kama BTU 2,460 kwa saa. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 kinatosha hata ukijumlisha joto la kuta.

Basi kasoro huwa wapi? Huwa katika saa za kazi za kiyoyozi. Majengo mengi huzima ubaridi wa pamoja jioni na mwisho wa juma, ilhali vifaa havilali. Chumba kinahitaji kiyoyozi chake, kinachojiwasha chenyewe umeme unaporejea. Kisichofanya hivyo hubaki kimezimwa baada ya kila katizo la umeme, wakati vifaa vinaendelea kufanya kazi. Kisifungwe juu ya kabati, kwani siku bomba lake likiziba maji yatadondokea vifaa. Joto lipimwe mbele ya vifaa, mahali vinapovuta hewa, na libaki kati ya nyuzi 18 na 27. Betri za akiba ndizo huumia kwanza: joto likizidi 25 kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa takriban nusu.

Kabla ya malipo ya mwisho

Dai ripoti ya upimaji kwa kila soketi, inayoonyesha urefu na upotevu wa mawimbi. Kifaa cha taa pekee huthibitisha kwamba nyaya zimeunganishwa, si kwamba zinafaa. Unaweza pia kuhakiki mwenyewe: ganda la kebo huchapishwa namba ya mita, toa namba ya ncha moja katika namba ya ncha nyingine. Kwenye kompyuta yenye Windows, sehemu ya `Link speed` ikionyesha `100/100 (Mbps)` badala ya `1000/1000 (Mbps)`, wakati swichi na kompyuta zinaweza kasi ya juu, kebo hiyo ina kasoro ya urefu, ya muunganisho au ya mkunjo. Mwite fundi aipime saa nane mchana, dari likiwa na joto, nawe uwepo.