Dau la mfungaji mchezaji asipocheza

Dau la mchezaji mmoja mmoja, kama la kubashiri kwamba atafunga bao, huamuliwa kwanza kwa swali moja: je, aliingia uwanjani? Akiumwa kabla ya mechi, au akikaa benchi hadi filimbi ya mwisho, kampuni nyingi za ubashiri hulibatilisha dau na kurudisha fedha.

Akiingia, hata dakika ya 88, kwa kawaida dau la kufunga wakati wowote huhesabiwa kuwa hai. Asipofunga, limeliwa. Aliyeanza akaumia dakika ya tano naye huhesabiwa amecheza, na hakuna fidia ya muda aliokosa. Dau la mfungaji wa bao la kwanza lina tofauti: mchezaji akiingia baada ya bao hilo kufungwa, kwa kawaida hubatilishwa, kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kulifunga.

Kwenye mkeka, chaguo lililobatilishwa hupewa odi ya 1.00, na mengine huendelea. Tuseme mtu ameweka shilingi 1,000 kwa odi za 2.00, 1.50 na 3.00, malipo yangekuwa 9,000. Mshambuliaji wa odi ya 3.00 asipocheza na mengine mawili yakashinda, hulipwa 3,000.

Baadhi ya kampuni hutaka mchezaji awe ameanza mechi ndipo dau lihesabike. Kwa hiyo msomaji asome masharti ya soko husika kabla ya kuweka fedha, na asubiri vikosi vitangazwe.