Mzazi, Mtoto na Kurasa za Pamoja

Redis ni programu ya kuhifadhi data inayoweka kila kitu kwenye RAM ili ijibu upesi. Umeme ukikatika, RAM inafutika, kwa hiyo kila baada ya muda huandika nakala ya data yote kwenye diski. Lakini wateja hawaachi kubadilisha data wakati nakala inaandikwa. Picha ya kitu kisichotulia inapigwaje?

Redis huzaa mtoto. Inaita `fork()`, na Linux inaunda programu ya pili inayofanana na mzazi wake kwa karibu kila kitu. Tuseme data ni gigabaiti 8. Mtu angetarajia RAM nyingine ya gigabaiti 8 itumike, lakini data yenyewe haiguswi. Linux hugawa kumbukumbu katika kurasa za kilobaiti 4, na kila programu ina jedwali la kuonyesha ukurasa upi uko wapi. Kinachonakiliwa ni jedwali hilo: kurasa milioni 2 hivi, baiti 8 kwa kila mmoja, yaani megabaiti 16 tu. Mzazi na mtoto hutumia kurasa zilezile, na zote huwekewa alama ya kusomwa tu.

Sasa mteja anabadilisha salio lake. Mzazi anajaribu kuandika, prosesa inamzuia na kuita Linux. Linux inaona ukurasa una wenyewe wawili, inaunakili huo mmoja, inampa mzazi nakala anayoruhusiwa kuandika, kisha kazi inaendelea. Mtoto anabaki na ukurasa wa awali, na anaandika diskini data kama ilivyokuwa alipozaliwa.

Jedwali hilohilo ndilo linalofanya faili lisomeke kama kumbukumbu. Programu ikiita `mmap()`, faili hupewa anwani bila kusomwa. Ukigusa anwani ambayo ukurasa wake haumo kwenye RAM, prosesa inasimama, Linux inauleta kutoka diskini, na programu haijui lililopita. Faili la gigabaiti 50 unalotaka kurasa 10 zake halikugharimu lote. Hatari yake ni kwamba mtu mwingine akilikata faili hilo likawa fupi, kugusa sehemu iliyoondoka huiua programu papo hapo kwa ishara ya `SIGBUS`.

Unafuu wa `fork()` nao una mpaka. Wateja wakiandika kila mahali wakati mtoto yuko kazini, karibu kila ukurasa utanakiliwa, na RAM inaweza kukaribia maradufu. Katika matoleo ya zamani ya Linux, kurasa kubwa za megabaiti 2 zilizidisha tatizo, kwa sababu kubadilisha baiti moja kuliweza kunakili megabaiti 2 nzima. Ndiyo maana Redis hushauri zizimwe. Kujua gharama halisi, tazama baada ya kila nakala:

```
redis-cli INFO persistence | grep rdb_last_cow_size
```

Namba hiyo ni baiti zilizonakiliwa. Ikikaribia ukubwa wa data yote, panga nakala ziandikwe saa ambazo wateja ni wachache, au uache nafasi zaidi kwenye seva.